Shati la rami limekatika kola kama karatasi, la kitani bado zima. Hizi nyuzi zinatofautiana wapi hasa?

SindanoNane
Habari za saa hizi wadau. Najishonea nguo zangu mwenyewe, na mwaka juzi nilijipanga nikashona mashati matatu ya patani moja, mikono mirefu, kola ya kawaida ya kukunja, moja kitani, moja hempu, moja rami. Vitambaa vyote vilikua vinakaribiana uzito, kama gramu 150 kwa mita ya mraba. Nikawa navaa kwa zamu, kila moja mara moja kwa wiki hivi.

Imepita miezi 14. La kitani limekua laini mpaka raha. La hempu lilianza likiwa kama gunia na sasa linavalika ila bado linakwaruza kidogo. La rami ndo nililolipenda kuliko yote, jeupe, linang'aa kama hariri, na niliambiwa rami ndo uzi wenye nguvu kuliko nyuzi zote za mimea. Sasa hilo lenye nguvu ndo limekatika kola, na shingo lilikua linaniwasha tangu siku ya kwanza mpaka leo, halijalainika hata kidogo. Naomba anayejua anieleweshe, maana nataka kushona mengine na sitaki kupoteza kitambaa tena.

MzeeWaKamba
Katani haifai kwa shati dada, hilo liko wazi. Katani ni kamba na magunia na brashi. Mkonge ule una nyuzi nene ngumu, utavaaje shingoni? Rudi kwenye pamba.

SindanoNane
Shikamoo mzee wangu. Sio katani ya mkonge, nimesema kitani, ile inayotoka kwenye mmea mwembamba wa maua ya bluu. Mkonge ni nyuzi za kwenye jani, hizi tatu zangu zote zinatoka kwenye ganda la shina.

MzeeWaKamba
Marahaba. Macho yamenidanganya, nimesoma katani. Basi ngoja wenye kujua waje.

KijaniTupu
Hapo jibu ni hempu, wala usihangaike. Hempu ndo yenye nguvu kuliko zote, ina nguvu kuliko pamba, na kadiri unavyofua ndo inazidi kulainika, haichakai. Mimi nina suruali ya hempu mwaka wa 6 huu, ya kazini, napiga magoti nayo kila siku. Hiyo rami walikuuzia feki.

FundiMtande
Dada SindanoNane kabla sijasema chochote nijibu vitu vitatu. Kola imekatikia wapi, pale inapokunjwa au kwenye mshono au katikati ya kitambaa tu? Ulikua unapiga pasi ikiwa kavu au na unyevu? Na ulikua unatia wanga?

SindanoNane
Imekatikia palepale kwenye mkunjo, mstari mmoja mnyoofu, kama mtu kapitisha wembe. Nimeitazama na kioo cha kukuzia, kitambaa cha pembeni ya mstari kiko kizima kabisa, hakijapauka wala hakijachakaa, ila pale kwenye mstari ncha za nyuzi zimesimama kama bua la mahindi lililovunjwa, hazijakonda kama uzi uliovutwa mpaka ukakatika. Kafu za mikono nazo zimeanza hivyohivyo pale zinapopinda. Pasi nilikua napiga kavu, moto wa juu, na wanga ndio natia kwenye kola zote, napenda kola isimame.

FundiMtande
Basi umeshajijibu nusu, na rami yako sio feki, hiyo ndo tabia yake kabisa. Nimefanya kazi kiwandani kwenye hizi nyuzi za ganda miaka mingi, ntaeleza nilivyozielewa.

Kwanza hili la nguvu. Ni kweli rami inaongoza ila sio kwa umbali huo watu wanaodhani. Kwenye vipimo vya nguvu kwa uzito vinavyotumika sana vitabuni rami inapata kama 59, kitani 54, hempu 47. Hicho ni kipimo cha kuvuta unyuzi mmoja mnyoofu mpaka ukatike. Shati lako halikuvutwa mpaka likakatika, lilikunjwa palepale mara mia. Kuvutwa na kukunjwa ni mitihani miwili tofauti kabisa.

Sasa tazama unene. Unyuzi mmoja wa kitani una kama maikroni 18, hempu unazidi kidogo na hautabiriki, kuna mwembamba na mnene humohumo, rami unaanzia kama 30 unaenda mpaka 50. Tuchukue 36, yaani mara mbili ya kitani. Ukikunja kitu, upande wa nje unalazimika kunyooka zaidi, na kikiwa kinene mara mbili upande wa nje unanyooka mara mbili. Fanya hesabu, unakunja kuzunguka sindano ya unene wa milimita moja, unyuzi wa maikroni 18 upande wa nje unanyooka kama asilimia 1.8, ule wa 36 unanyooka asilimia 3.6. Kitani huvumilia kunyooka kama asilimia 3 ndo kikatike, rami kama 3.7. Kwahiyo kitani bado kina nafasi ya kupumua, rami imeshafika mwisho. Pamba ingekua hapo ingecheka tu, yenyewe inanyooka 6 au 7.

KipimoSahihi
Mkuu hesabu nimeielewa lakini ina tobo. Pasi ya moto inakunja kola kwa kona kali kuliko milimita moja, mbali sana. Kwa hesabu yako basi kitani nacho kingekatika siku ya kwanza.

FundiMtande
Umeuliza vizuri. Hesabu ile ni ya unyuzi uliobanwa usiweze kusogea. Ndani ya uzi uliosokotwa nyuzi zinateleza, zinapishana kidogo, zinatafuta njia ya kukwepa mkunjo, ndo maana shati halikatiki siku hiyohiyo. Na ndo maana nikauliza wanga. Wanga unagandisha nyuzi zishikane, zikose pa kutelezea, halafu pasi kavu inaondoa ule unyevu unaozifanya zipinde bila kuvunjika. Hapo unakua umeiwekea rami mtego. Kitani nacho hukatika kwenye mikunjo ya pasi, waulize waliowahi kuhifadhi vitambaa vya meza vya kitani vimekunjwa palepale miaka mingi, ila kinachelewa sana.

Na habari ya unyevu sio nadharia tupu. Kule Korea kwenye eneo la Hansan wanafuma rami nyembamba sana inaitwa mosi, ufumaji ule uko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2011, na wafumaji wanafanyia kazi kwenye chumba chenye unyevunyevu makusudi, maana hewa ikiwa kavu nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, zinakatika moja baada ya nyingine. Rami iliyolowa ina nguvu kuliko ikiwa kavu, kitani na hempu vilevile.

SindanoNane
Yaani mimi mwenyewe ndo nimeliua shati langu. Sawa, na ule muwasho? Mbona kitani kililainika na rami imegoma?

FundiMtande
Hapo ndo penye utamu. Kitani na hempu ukivinunua vipya, kile unachokigusa kwenye kitambaa sio unyuzi mmojammoja, ni vifungu. Kwenye ganda la shina nyuzi zimekaa kwa mafungu, zimeshikanishwa na gundi ya mmea, na kuozesha shina kwa umande au kwa maji kunaondoa sehemu tu ya hiyo gundi, kwenye kitani mpaka uzi unapitishwa kwenye maji ya moto wakati wa kusokotwa ili ile gundi ilegee. Lakini inabaki. Kila ukifua na kuvaa, vifungu vinaachana kidogo kidogo, kile kilichokua kijiti kinene kinakua nyuzi nyembamba tatu nne. Huko ndo kulainika, hakuna uchawi mwingine.

Hempu ni hivyohivyo ila kwenye viungo vyake kuna miti-miti zaidi, ile lignini, inafika mara mbili ya kitani au kupita. Kwahiyo inaachana polepole na sio sawasawa, ndo maana shati lako bado lina vijiti vya hapa na pale.

Rami sasa. Ganda lake lina gundi nyingi mno, kama robo ya uzito, kuozesha kwa umande hakutoshi, lazima ichemshwe na kostiki soda mpaka gundi karibu yote iishe. Ikitoka hapo kila unyuzi umeshasimama peke yake, mweupe, unang'aa. Uzuri wote wa siku ya kwanza unatoka hapo. Lakini maana yake haina tena cha kuachana, utafua miaka 10 unyuzi utabaki na unene uleule.

Na unene ndo muwasho. Ncha ya unyuzi inayochomoza kwenye kitambaa inasukuma ngozi, ikiwa laini inapinda, ikiwa ngumu inachoma. Unene ukizidi mara mbili, ugumu wa kupinda unazidi mara 16, sio mara mbili, mbili mara mbili mara mbili mara mbili. Weka hiyo shingoni kwenye jasho.

MamaTatu
Samahani naingilia, mimi mwanangu wa miaka 5 ana pumu ya ngozi, nilimnunulia blauzi lebo imeandikwa rami 55 pamba 45, akawa anajikuna mpaka damu. Nikaambiwa ana aleji ya rami kwa sababu rami ni ndugu wa upupu. Ni kweli?

FundiMtande
Pole sana dada yangu na mpe pole mtoto. Rami iko kwenye ukoo wa kiwavi, ule mmea wa majani yanayowasha, sio upupu, na rami yenyewe haina zile nywele zenye sumu. Tena baada ya kuchemshwa kilichobaki ni selulosi karibu tupu, kama pamba. Mara nyingi ni kuchomwa tu na ncha kama nilivyosema. Unaweza kupima kwako mwenyewe, kandamiza kitambaa upande wa ndani wa mkono wako kwa kiganja, dakika moja, ukihisi vichomo na vikaisha punde tu unapotoa kitambaa, hizo ni ncha. Ila ngozi ikibaki nyekundu au na vipele siku ya pili, hapo inaweza kua rangi au dawa ya kumalizia kitambaa, mpeleke kwa daktari wa ngozi. Na kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi hata ncha tu zinatosha kumuamsha, usimvalishe tena hiyo blauzi bila kitu cha pamba ndani.

MamaTatu
Nimejaribu hapa kwenye mkono wangu, ni vichomo kweli na vimeisha. Asante, nimeiweka pembeni.

KijaniTupu
Mkuu umeizungumzia hempu kama vile ni mtoto wa kambo. Miaka 6 ya suruali yangu unaielezaje? Na hempu inaua bakteria, haitoi harufu.

FundiMtande
Suruali yako ni ushahidi mzuri wala sikatai. Ila niambie uzito wake, suruali ya kazi inaweza kufika gramu 300 kwa mita au zaidi, mara mbili ya shati la dada hapa. Kitambaa kinene chenye uzi mnene kinastahimili msuguano, hata cha kitani cha uzito huo kingekufikisha mbali. Ukitaka kulinganisha nyuzi lazima uzito, ufumaji na unene wa uzi vilingane, la sivyo unalinganisha ndoo na kikombe. La pili, hempu nyingi ya nguo siku hizi inakatwa vipande vifupi kama sentimita 3 au 4 ili isokotwe kwenye mashine za pamba. Inakua laini kweli na haichomi sana, lakini uzi wake una ncha nyingi zaidi na nguvu ya zile nyuzi ndefu inapotea. Hempu ndefu iliyosokotwa na maji kama kitani ni kitu kingine kabisa. Zote lebo inaandika hempu.

Harufu, kinachosaidia zaidi ni kukauka haraka. Hiyo ya kuua bakteria kwenye nguo iliyofuliwa na kupakwa rangi mimi siiwekei dhamana.

KijaniTupu
Ya bakteria tuachie hapo, mimi pua yangu inaniambia tofauti. Ya uzito nakubali, ni nzito kweli.

BintiKitenge
Mimi nauliza upande wa joto, maana watu tunavaa hizi ili tupoe. Ipi inapoza zaidi? Mimi rami pamoja na kuchoma naiona ndo baridi kuliko zote.

FundiMtande
Na hujakosea. Ule ugumu unaochoma ndo huohuo unaofanya kitambaa kisilale kwenye ngozi, kinasimama mbali kidogo na hewa inapita katikati. Rami inashika maji kidogo kuliko wenzake, unyevu wa kawaida unaokubalika kibiashara ni kama asilimia 8.5, kitani na hempu 12, kwahiyo inakauka upesi. Kitani kinakunywa jasho jingi zaidi kabla hujahisi umelowa. Ukiwa umekaa kwenye upepo utaipenda rami, ukiwa unatembea unatoka jasho mfululizo mimi ningevaa kitani. Ila hapa ufumaji una sauti kubwa kuliko unyuzi, rami iliyobanwa itakupikia kuliko hempu iliyofumwa wazi.

SindanoNane
Sasa nimebakiwa na mita 2 za rami ileile. Niitupe au kuna nguo inaifaa?

FundiMtande
Usitupe. Shona kitu kisicho na mkunjo wa kudumu na kisichogusa shingo. Blauzi pana isiyo na kola, shingo ya duara yenye ukanda wa pamba au kitani kwa ndani, mikono mipana bila kafu. Usipige pasi mstari, piga ikiwa bado ina unyevu, na uhifadhi kwa kutundika au kuviringisha, sio kukunja palepale. Wanga usahau. Kama lazima kola isimame tumia kitambaa cha kati, na ikunje kwa mviringo bila kuibana kwa pasi. Lile shati la zamani unaweza kung'oa kola ukaigeuza, upande wa chini uje juu, ila mkunjo usogeze milimita 5 kutoka mstari wa zamani. Haitadumu milele lakini utapata mwaka.

KipimoSahihi
Swali la mwisho kwangu, mtu anajuaje alichouziwa? Lebo naona hata hamziamini.

FundiMtande
Kitani na hempu kwa macho hata mimi vinanitatiza, vinafanana mno. Kuna jaribio moja la kizamani ambalo sijaona likiniangusha nikilifanya kwa utulivu. Chomoa uzi kwenye kitambaa, ufumue msokoto wote mpaka ubaki na unyuzi mmoja au kifungu chembamba kabisa. Hapo usifanye haraka, ukibaki na msokoto wa uzi utakudanganya. Loweka kwenye maji dakika kadhaa, kisha shika mwisho mmoja, ncha nyingine ikuelekee wewe, juu ya kitu chenye joto kama pasi iliyowashwa kwa mbali. Ukikauka ncha inazunguka. Kitani na rami vinazunguka kama mishale ya saa, hempu inazunguka kinyume. Fanya mara 5 au 6 na nyuzi tofauti, usiamini mara moja.

Kutenga rami na kitani ni rahisi zaidi, rami ni nyeupe zaidi, inang'aa, na unyuzi mmoja peke yake unaweza kufika sentimita 10 na zaidi wakati wa kitani ni kama sentimita 3. Ila angalia usije ukapima kifungu cha kitani ukadhani ni unyuzi.

SindanoNane
MREJESHO. Nimefanya jioni hii, nyuzi 6 kwa kila kitambaa, mwanangu kashika taa mimi nimeshika kibano. Kwanza nilikua napumulia ncha inayumba, nikafunga pua na leso ndo ikatulia. Kitani 6 kati ya 6 kama saa. Rami 5 kama saa, mmoja haukuzunguka kabisa. Sasa ile "hempu" niliyouziwa kama hempu tupu, 4 zimezunguka kama saa na 2 kinyume.

KijaniTupu
Umekosea jaribio dada, rudia.

FundiMtande
Inawezekana msokoto ulibaki kwenye baadhi. Lakini inawezekana pia ni mchanganyiko, hempu na kitani kwenye kitambaa kimoja, nimeshawahi kuona. Chomoa nyuzi za mtande peke yake na za mshindio, zile za upana, peke yake, usizichanganye, urudie 10 kila upande. Zikitoka mtande wote kama saa na mshindio wote kinyume, hapo utakua na jibu safi.

SindanoNane
Nilichanganya kweli, sikutenga. Kesho mchana nikiwa na mwanga nafanya tena, natenga.

MzeeWaKamba
Mimi nimeenda kuchomoa uzi kwenye shuka la zamani la marehemu mama, tulikua tunaliita la kitani siku zote. Limezunguka kinyume mara 7 zote.